Gawio Halikupanda, Bei Ndiyo Iliyoanguka

Kila msimu wa matokeo ya kampuni, lile jedwali halikosi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: hisa kumi za Soko la Hisa la Nairobi zimepangwa kuanzia yenye mavuno makubwa ya gawio, yaani gawio la mwaka kama asilimia ya bei ya hisa, hadi yenye madogo, na chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa "KAMPUNI ZINAZOWAJALI WANAHISA". Kisha watu wanashukuru, wanatuma mikono ya pongezi, na wengine wanampigia dalali wakataka ile ya juu kabisa. Hakuna anayeuliza ile asilimia imefikaje pale juu.

Tuichukue Safaricom, kwa sababu karibu kila mwenye akaunti ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa, Kenya anayo au aliwahi kuwa nayo. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 ililipa gawio la shilingi 1.37 kwa hisa: senti 45 za gawio la awali na senti 92 za gawio la mwisho. Septemba 2021 hisa yenyewe ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 40. Gawanya 1.37 kwa 40, unapata asilimia 3.4. Kwenye jedwali la aina ile, hapo Safaricom ingekuwa imejikunyata chini, haina cha kujivunia.

Sasa twende mwishoni mwa 2023. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2023 lilikuwa shilingi 1.20, senti 58 za awali na senti 62 za mwisho. Limepungua, si kuongezeka. Lakini bei ilikuwa imeporomoka hadi ikizungukia shilingi 13. Gawanya 1.20 kwa 13, unapata asilimia 9.2. Hongera sana, kampuni imeanza "kuwajali wanahisa" kwa kuwakata senti 17.

Ukitaka kujua asilimia imesukumwa na nini, shika kitu kimoja kisisogee, kisha upige hesabu upya. Kama bei ingebaki 40 na gawio likashuka hadi 1.20, mavuno yangekuwa asilimia 3. Kama gawio lingebaki 1.37 na bei ikashuka hadi 13, mavuno yangekuwa asilimia 10.5. Ina maana gawio lilikuwa likiivuta asilimia chini, na kupanda kote kutoka 3.4 hadi 9.2 ni kazi ya bei. Hesabu hii haichukui dakika mbili: tafuta gawio la mwaka jana na la mwaka huu, tafuta bei za nyakati hizo mbili, basi. Wanaosambaza majedwali hawaifanyi kwa sababu ingewaharibia kichwa cha habari.

Na msinielewe vibaya kuhusu ukubwa wa jambo hili. Aliyenunua kwa 40 mwezi ule wa Septemba 2021 alikuwa amechelewa gawio la mwisho la mwaka huo, kwa sababu daftari la wanahisa wanaostahili gawio hilo lilishafungwa mwishoni mwa Julai. Tangu hapo hadi mwisho wa 2023 alipokea senti 64, kisha 75, kisha 58, kisha 62. Jumla ni shilingi 2.59 kwa hisa, na hiyo ni kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Thamani ya hisa yake ilikuwa imepungua kwa shilingi 27 hivi. Mtu huyu ndiye anayeambiwa kwamba hisa yake sasa ina "mavuno mazuri". Mavuno mazuri ni ya atakayenunua leo. Yeye bado anapokea 1.20 juu ya 40 zake, yaani asilimia 3, na ile 9.2 haimhusu hata kidogo.

Kwa nini bei ilianguka wakati kampuni bado inapata faida? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo majedwali yanaponyamaza. Wawekezaji wa nje walikuwa wakiuza na kuondoka, shilingi ikidhoofika dhidi ya dola, na uwekezaji wa kampuni huko Ethiopia ukila fedha nyingi. Lakini lililo muhimu kwa hesabu yetu ni riba, iliyokuwa ikipanda. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na mwezi huohuo serikali ikatoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Jiweke mahali pa meneja wa mfuko wa pensheni: serikali inakupa asilimia 18 bila kodi, na mbele yako kuna hisa ambayo gawio lake halina mkataba wowote, bodi ikitaka inapunguza. Utainunua kwa 40 upate asilimia 3? Hutainunua. Utasubiri ishuke mpaka asilimia yake ianze kuvutia.

Gawio la Safaricom hutangazwa mara mbili kwa mwaka, halibadiliki kila asubuhi. Kinachoweza kusogea kila siku soko likiwa wazi ni bei. Kwa hiyo wanunuzi wakitaka mavuno makubwa zaidi, njia pekee ya haraka ya kuyapata ni kutoa bei ndogo zaidi. Ukitaka kujua soko linadai bei gani, geuza hesabu: gawanya 1.20 kwa asilimia unayotaka. Anayetaka asilimia 6 atalipa shilingi 20. Anayetaka asilimia 9 atalipa 13.33. Anayeridhika na asilimia 4 atalipa 30. Gawio ni lilelile katika hali zote tatu.

Ikageuka pia. Benki Kuu ilianza kupunguza riba Agosti 2024, na kufikia Agosti 2025 riba ya msingi ilikuwa asilimia 9.5. Safaricom ikapanda mwaka huo 2025 hadi kupita shilingi 25. Gawio? Shilingi 1.20 tena, senti 55 na senti 65, kama mwaka uliotangulia. Kwa bei ya 25, mavuno yalirudi asilimia 4.8. Kwenye jedwali letu pendwa, kampuni imeshuka daraja, "haiwajali" tena, wakati aliyenunua kwa 13 mtaji wake umekaribia kuongezeka maradufu.

Haya, nakubali, shingo upande: huyo wa 13 alipata. Mavuno makubwa wakati mwingine kweli ni bei ya bwerere. Ila si asilimia iliyomwambia hivyo. Asilimia 9.2 ya hisa iliyodhulumiwa na asilimia 9.2 ya kampuni inayokaribia kukata gawio zinafanana kabisa kwenye karatasi, kwa sababu juu ya mstari pamewekwa gawio la jana na chini ya mstari bei ya leo. Bei inaweza kuwa imeshaona jambo ambalo gawio bado halijalionyesha.

Cha kuangalia ni faida. Mwaka ulioishia Machi 2024, faida ya wanahisa wa Safaricom ilikuwa karibu shilingi bilioni 63. Hisa ziko bilioni 40 hivi, kwa hiyo gawio la 1.20 liligharimu bilioni 48. Hiyo ni kama robo tatu ya faida, na kampuni ilikuwa na sera ya kugawa hadi asilimia 80. Kwa hiyo gawio lilikuwa linalipika kutokana na faida ya mwaka uleule. Ungekuta kampuni imepata bilioni 40 na inagawa 48, ile asilimia nzuri ungeisoma kwa jicho la mashaka, kwa sababu pengo linajazwa na akiba au mkopo, na mwaka ujao bodi italazimika kukata. Siku gawio likikatwa, aliyeifuata asilimia anapigwa mara mbili: gawio limepungua na bei nayo inashuka.

Kuna na uchafu wa takwimu zenyewe. Mei 2019 Safaricom ilitangaza gawio la kawaida la shilingi 1.25 na juu yake gawio maalumu la senti 62. Tovuti iliyojumlisha vyote ilikuwa na 1.87, kwa bei ya 28, hiyo ni asilimia 6.7. Ukiacha lile maalumu, ambalo hakuna aliyeahidi kulirudia, ni 4.5. Ama chukua Aprili 2023, tuseme bei ni 18. Anayehesabu magawio yaliyolipwa katika miezi 12 iliyopita anajumlisha senti 75 na 58, anapata asilimia 7.4. Anayetumia mwaka kamili wa mwisho uliotangazwa anatumia 1.39, anapata 7.7. Gawio la mwaka uliokuwa umetoka kuisha lilikuja kutangazwa Mei, likawa 1.20, yaani asilimia 6.7. Siku moja, hisa moja, majibu matatu. Ukiona asilimia bila kuambiwa ni gawio la mwaka gani na bei ya siku gani, ipuuze.

Na wale wanaonunua siku chache kabla daftari halijafungwa ili "wachukue gawio" halafu wauze: hisa ikianza kuuzwa bila haki ya gawio, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Umepokea senti 65, umekatwa kodi, umelipa dalali kununua na kuuza, na hisa yako imeshuka kama senti 65. Endelea.

Nimemwacha mwisho yule anayenikera kuliko wote, mzee wa 2008. Alinunua kwa shilingi 5 Safaricom ilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, na kila mjadala wa magawio lazima aingie: "Mimi napata asilimia 24." Ni kweli, 1.20 kwa 5 ni asilimia 24, na alistahimili miaka mingi, tumpe haki yake. Lakini anaitumia asilimia hiyo kuamua kwamba kamwe hatauza, na hapo anajidanganya. Hisa zake 1,000 kwa ile bei ya 25 ya mwaka 2025 si shilingi 5,000 tena, ni 25,000, na anaweza kuzipata siku chache tu baada ya kuuza, zikipungua ada ya dalali. Zinamletea gawio la 1,200, au 1,140 baada ya kodi. Anachopata kutokana na mali aliyonayo leo ni asilimia 4.6 mkononi, sawasawa na aliyenunua jana. Anaweza kubaki kwa sababu anaamini gawio litakua au bei itapanda zaidi, hizo ni sababu halali kabisa. Kubaki kwa sababu ya zile 24 ni kulinganisha gawio la leo na bei ambayo hakuna mtu atakayemuuzia hisa tena.