Kijiji Kikitoka Mara Mbili, Kihesabiwe Mara Mbili

Katika tafiti za kaya zinazopangwa hapa Dodoma kuna tabia moja inayonikera: kijiji kikichaguliwa mara mbili kwenye sampuli, mpangaji hukifuta mara ya pili na kuchagua kingine, akiamini kwamba amerekebisha kasoro. Kwa maoni yangu hapo ndipo anapoiingiza kasoro yenyewe, kwa sababu uchaguzi wa kurudisha unaruhusu kijiji kutoka tena, na hesabu inayofuata imejengwa juu ya ruhusa hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tunataka kukadiria jumla ya mbuzi katika vijiji sita vya Wilaya ya Bahi, navyo vina kaya 120, 300, 180, 600, 240 na 360, yaani kaya 1,800 kwa pamoja. Ili kila kijiji kipate nafasi inayolingana na ukubwa wake, tunajumlisha kaya hatua kwa hatua: 120, 420, 600, 1,200, 1,440 na 1,800. Kisha tunachota namba tatu za nasibu kati ya 1 na 1,800, kila moja bila kujali iliyotangulia. Tuseme zimetoka 733, 215 na 1,104. Ya kwanza inaangukia kijiji cha nne, kinachoshika namba 601 hadi 1,200. Ya pili inaangukia kijiji cha pili. Na ya tatu inarudi kijiji cha nne. Uwezekano wa kijiji cha nne kuchaguliwa katika kila mchoto ni 600 kwa 1,800, yaani theluthi moja, na wa kijiji cha pili ni sehemu moja ya sita.

Wadodosaji wakihesabu mbuzi wote wa vijiji hivyo, wanapata 2,700 katika kijiji cha nne na 1,500 katika cha pili. Kikadirio walichokieleza wanatakwimu Hansen na Hurwitz mwaka 1943 kinagawa idadi ya kila mchoto kwa uwezekano wake, kisha kinachukua wastani. Hapa n ni idadi ya michoto, y_i ni idadi ya mbuzi katika mchoto, p_i ni uwezekano wake, na v(T) ni mraba wa hitilafu sanifu:

```
T = (1/n) * Σ (y_i / p_i)
v(T) = Σ (y_i/p_i - T)^2 / (n(n-1))
```

Kijiji cha nne kinatoa 2,700 × 3 = 8,100, na cha pili 1,500 × 6 = 9,000. Kwa kuwa cha nne kimetoka mara mbili, wastani ni wa 8,100, 8,100 na 9,000, yaani mbuzi 8,400. Tofauti za kila mchoto na wastani huo ni 300, 300 na 600. Miraba yake inafika 540,000, na tukigawa kwa 3 × 2 = 6 tunapata 90,000, hivyo hitilafu sanifu ni mbuzi 300. Urahisi huu wa kupima hitilafu, usiohitaji uwezekano wa vijiji viwili kutoka pamoja, ndio unaonifanya niutetee uchaguzi wa kurudisha.

Sasa turudi kwa yule anayefuta. Katika michoto mitatu, kijiji cha nne kinatarajiwa kutoka mara moja kwa wastani, na ndivyo kanuni inavyodhani. Lakini uwezekano wake wa kuonekana walau mara moja ni 19 kwa 27, takriban 0.70 tu, pengo linazibwa na zile nyakati kinapojirudia. Ukizifuta na kuchota upya hadi upate vijiji vitatu tofauti, kijiji kikubwa kinaingia pungufu ya inavyodhaniwa, na vijiji vidogo vinaingia kupita kiasi. Ikiwa kaya za vijiji vidogo zina mbuzi wengi zaidi kwa wastani, jambo ambalo si la ajabu pembezoni mwa Bahi, jumla itapanda kuliko ukweli, wala kuongeza idadi ya kaya zinazohojiwa hakutasaidia.

Ikiwa ndani ya kijiji tunahoji kaya 20 badala ya zote, kijiji kilichotoka mara mbili kichukuliwe sampuli mbili za kaya 20, kila moja ikichotwa kivyake. Mratibu wa bajeti hulalamika kidogo, ingawa gari lingeenda huko vyovyote vile.

Kosa la pili, lililo jamaa ya hilo, ni kuchota kwa orodha ya sensa ya 2012 na kugawa kwa ukubwa wa 2022. Orodha ya zamani peke yake haipotoshi kadirio. Inaongeza tu hitilafu, mradi hakuna kijiji kilichoandikiwa sifuri, maana hicho hakiwezi kutoka kamwe. Kinachopotosha ni kugawa kwa uwezekano ambao haukutumika kuchota. Njia ya kuligundua ni rahisi: mahali pa mbuzi weka idadi ya kaya kutoka orodha iliyotumika kuchota. Kila mchoto lazima utoe 1,800 kamili, bila hitilafu yoyote. Ukitoa 1,740 kwa kijiji kimoja na 1,910 kwa kingine, p zilizomo kwenye faili si zile zilizotumika siku ya kuchota.