Niandikie tu, afande

Jumamosi iliyopita nilikuwa nampeleka mama mdogo Korogwe kwenye arobaini. Tumetoka Tanga asubuhi, nyuma ya gari kuna ndoo mbili za samaki wa kukaanga na begi lake ambalo ukilinyanyua utadhani anahamia huko. Mahali fulani kabla ya Segera, sitapataja, trafiki akatoka kivulini akanyoosha mkono. Nikapaki pembeni.

Kilichonikera si yule trafiki. Kilichonikera ni kwamba kabla sijashusha kioo, mama mdogo alikuwa ameshafungua kanga, katoa noti ya zambarau ya elfu tano, kaikunja mara nne na kuibandika chini ya leseni yangu iliyokuwa pale mbele. Hajui kosa ni nini, wala kama kosa lipo. "Mpe soda yake tuondoke baba, samaki watachacha."

Nikaichomoa ile noti nikamrudishia. Akanitazama kama nimemtukana.

Sasa tusemane ukweli. Trafiki ana haki ya kukusimamisha, na ana haki ya kuona leseni, bima na kadi ya gari. Akitaka kuona pembetatu na kizima moto, fungua buti umwoneshe, tairi na taa pia aangalie. Hapo hakuna cha kununa. (Akikuuliza ile stika ya ada ya gari ya kila mwaka, mkumbushe kwa upole kwamba ilifutwa mwaka 2017, tunailipa kwenye mafuta.) Na akisema umepigwa tochi, una haki ya kuomba kuiona picha. Usidai. Omba.

Mimi niliomba. "Habari za kazi afande, naomba nione." Akanigeuzia kioo cha tochi. Namba ni yangu, gari ni langu, 58 kwenye eneo la makazi, na kibao cha 50 nilikipita huku namsikiliza mama mdogo akisimulia harusi ya mtu. Nimepatikana. Nikasema, "Kweli, nimekosa."

Akavuta pumzi, akaegemea mlango, sauti ikashuka ikawa ya kaka. "Sasa bosi, kosa moja ni elfu thelathini. Hela nyingi hiyo. Tufanyeje?"

Hilo neno "tufanyeje" ndilo lililonifanya niandike leo. Sheria haina tufanyeje. Afisa ana njia tatu tu: akupe onyo uende, akuandikie, au ukilikataa kosa, lipelekwe mahakamani. Tufanyeje ni mlango wa nne, na anayeufungua mara nyingi si yeye, ni sisi, kwa majibu yetu.

Angalia tunavyojibu. "Afande sina hela." Umeshaingia mtegoni, maana swali linalofuata ni "Una ngapi?", na hapo mko sokoni, mnashushiana bei kama machungwa ya Muheza. "Tuelewane basi." Umeomba wewe. "Unataka rushwa?" Huyo naye ni shujaa wa mitandaoni, amemvunjia mtu heshima mbele ya wenzake, na sasa gari lake litakaguliwa mpaka vipangusio vya mvua. Makosa yakiwa mawili, ni elfu sitini. Kuomba onyo si vibaya, mradi uombe onyo tu, usilipambe na kitu.

Jibu ni moja na ni fupi: "Niandikie tu, afande." Lisemwe kwa sauti ileile uliyosalimia nayo, mikono ikiwa inaonekana, simu iko mfukoni. Huna haja ya kumtajia vifungu. Neno rushwa lisitoke mdomoni, maana ukishalitaja hamna wa kurudi nyuma, si yeye si wewe. Ukisema niandikie, unakubali mamlaka yake yote, na hapohapo umefunga mazungumzo ya bei. Hana cha kukasirikia. Umemwomba afanye kazi yake.

Alijaribu mara mbili zaidi. Kwanza, "Mashine mtandao unasumbua." Nikamwambia, "Hamna shida afande, nitasubiri." Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, kwa sababu tuna haraka, na haraka yetu ndiyo bidhaa anayoiuza. Nilizima injini. Mama mdogo akaanza kuvuta uradi kwa sauti ya kutosha kusikika nje. Pili, akaninong'oneza nimrushie yule dada wa mihogo kwenye simu, "yeye atanipa". Nikatabasamu: "Naogopa kukosea namba afande, niandikie tu."

Dakika ishirini na kitu, mtandao ukarudi. Miujiza.

Karatasi ikatoka kwenye mashine. Ikague hapohapo kabla hujaondoka: namba ya gari, namba ya leseni, kosa lenyewe, kiasi, na kontroo namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Hiyo ndiyo inayoipeleka hela serikalini. Karatasi isiyo na kontroo namba ni karatasi ya kufungia mihogo. Hulazimiki kulipa palepale wala kumpa mtu fedha mkononi. Unalipa kwa simu au benki, una siku 7 kabla deni halijaanza kuongezeka. Mimi nililipa usiku, kesho yake nikaingia tms.tpf.go.tz, nikaandika namba ya gari, hakuna deni. Wenye bodaboda na bajaji, yenu ni elfu kumi tangu 2021, msikubali kutishwa na thelathini.

Najua mtakachosema. Elfu tano na elfu thelathini, nani asiyejua hesabu? Haya, nakubali, shingo upande: siku ile nilipoteza elfu ishirini na tano na nusu saa, na iliniuma. Dereva wa Hiace anayepita hapo mara sita kwa siku siwezi kumhubiria kirahisi, huyo akisubiri mtandao kila kituo hesabu ya bosi haifiki. Lakini wewe mwenye gari lako la nyumbani, ile elfu tano hainunui kitu. Kosa halijaandikwa popote, kwa hiyo kituo kinachofuata unaweza kupigwa tochi ileile upya. Gari lako limeshajulikana kuwa linatoa. Na kwa sheria ya rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, anayetoa na anayepokea wote ni wakosaji. Noti imetoka kwenye kanga ya mama mdogo, leseni ni yangu. Tungekuwa washtakiwa wawili na ndoo mbili za samaki. Kama unaombwa waziwazi, nenda zako salama kwanza, halafu piga 113 TAKUKURU, bure, ukiwa umekumbuka saa, mahali na namba ya begani.

Geti la ushuru wa mazao nalo ni hivyohivyo: hakuna risiti ya mashine, hakuna hela.

Tulifika Korogwe adhuhuri, samaki wazima kabisa. Nashusha ndoo, namsikia mama mdogo ukumbini, katikati ya wanawake wenzake, keshaanza: "Mwana nimemwokoa kwa elfu tano, akanirudishia, akaenda kuomba alipe thelathini. Kaomba mwenyewe, kwa adabu!" Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kisha nikamwona anaikunjua ileile noti, anamtuma mtoto akalete soda.

Na mimi akaniagizia moja.