DNS haiko mikononi mwako? Weka faili basi

Jana kwenye grupu yetu ya wasapu, hapa Bukavu, mukubwa moja kaandika eti anayeihakikishia Google kwamba domeni iko mikononi mwake kwa faili ao kwa tagi ya meta bado ni mwanafunzi, fundi wa kweli anaweka TXT, ule mstari wa maandishi, kwenye DNS, daftari linaloelekeza domeni iende kwa saiti gani. Sawa mukubwa. Lakini hiyo TXT niiweke wapi kama sina funguo za DNS, kwenye paji la uso?

Niko na patro moja wa Kadutu, anauza vipuri vya pikipiki. Domeni yake ilinunuliwa na kijana ambaye siku hizi anaishi Kampala, kila ukimwomba paswadi anajibu "kesho papa". Mimi niko na FTP ya saiti, basi. Kwenye Search Console ya Google nikachagua URL prefix, maana ile ya Domain haikubali kitu kingine zaidi ya DNS, nikaandika anwani kamili na https na www yake, nikaanza na tagi ya meta ndani ya header.php.

Google ikasema haioni tagi. Mimi naiona kabisa! Nikazunguka saa nzima, umeme ukakatika, ukarudi, ndipo nikakumbuka kwamba niko ndani ya WordPress kama msimamizi, na plagini ya kashi inawapa wageni ukurasa wa zamani. Nikaangalia kama mgeni:

```
curl -s https://www.example.com/ | grep google-site-verification
```

Hakuna kitu. Nikafuta kashi, mstari ukatokea, nikabonyeza Verify, ikapita palepale. Nikafurahi mapema, kwa sababu kiisha miezi michache tema ikapata toleo mpya, header.php ikaandikwa upya na tagi ikaenda nayo. Google inarudi kuangalia mara kwa mara, ikikosa alama kwa muda inakutoa.

Ndiyo maana sasa naweka faili. Unaishusha kutoka Search Console kama ilivyo, bila kubadili jina wala kuigusa ndani, unaitia public_html pale juu kabisa, si ndani ya folda ya tema, unaifungua kwenye dirisha la siri. Ukiona ule mstari wake moja, umemaliza. Ikikurusha kwenye domeni ingine, haitapita. Na usiifute kiisha kupita, hata kama mtoto wa ofisi anapenda kusafisha.

Haya, nakubali: TXT inashika http, https na vijidomeni vyote kwa mara moja, na ukihama hostingi inabaki, kama DNS yenyewe haikuhama. Cheti cha wildcard, kile cha https kinachoshika vijidomeni vyote, pia hukipati kwa faili.

Ila kitu kimoja nilimwambia patro bila mzaha: papa, hii faili inaonyesha tu kwamba tunaweza kuandika ndani ya saiti, haisemi domeni ni yako. Yule kijana akiamka vibaya akageuza DNS, wateja wako wanafika kwa mtu mwingine na faili yetu imelala palepale. Akampigia simu mbele yangu.

"Kesho papa."