Kioo kinachopunguzwa bafuni si kioo cha tempa

Fundi alikiegemeza kioo cha shawa ukutani, akapima, akaguna. Kilikuwa kimezidi kwa milimita tano. "Usijali dada, nakipunguza hapa hapa," akasema, huku akitafuta almasi yake ya kukatia. Nilimwambia akirudishe dukani.

Kioo cha tempa hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Uso wake hubaki umebanwa na ndani kumevutika; ndiyo nguvu yake hiyo. Ukijaribu kukikata kwa almasi au kukitoboa kwa drili, chote humwagika punje punje. Kwa hiyo vipimo na matundu ya bawaba humalizwa kabla ya tanuri. Anayeweza kukikata nyumbani kwako amekuletea kioo cha kawaida, kile kinachovunjika kwa vipande virefu kama visu.

Cha kwanza kutazama ni muhuri pembeni mwa kioo. Uwe umechomwa au kuchorwa kwenye kioo chenyewe. Stika inayobanduka kwa ukucha haithibitishi chochote. Kwenye tempa ya viwango vya Ulaya utasoma EN 12150, na kwenye ya Marekani mara nyingi ANSI Z97.1. EN 14449 ni lamineti.

Lamineti ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, na kikipasuka vipande hubaki vimeshikana. Naipenda kwa dirisha la ghorofani au paa la kioo. Kwenye shawa siipendi sana, kwani maji yakiingia ukingoni usiozibwa, utando huachia na kioo hufanya weupe kama jicho lenye mtoto. Tena lamineti ya vioo vya kawaida ni dhaifu kwenye matundu ya bawaba. Ipo ya tempa mbili, nzuri kweli, ila bei yake, loo!

Tempa nayo ina udhaifu wake: ukingo. Uso unavumilia kishindo, ila pembe ikigongwa kwenye kigae, kioo kinaweza kupasuka papo hapo, au baadaye mtu akiwa anaoga. Kabla hakijafungwa, kitazame kingo zote nne kwa tochi. Ukiona kibanzi kimetoka, hata kidogo, kikatae, maana kukisaga hakurudishi nguvu. Wala kisisimamishwe juu ya kigae kitupu. Weka mbao au katoni.

Kisha bawaba. Mlango wa sentimita 70 kwa mita 2, unene wa milimita 8, una kilo 28 hivi, na zote zinaning'inia kwenye matundu machache. Chuma kisiguse kioo popote: pawe na raba pande zote mbili, na mrija mdogo wa plastiki kuzunguka bolti ndani ya tundu. Bolti zikazwe kwa kiasi. Mlango ukianza kuinama au kukwaruza sakafu, usiendelee kuusukuma kwa bega, mwite fundi.

Wangu alirudi baada ya siku tisa. Safari hii kioo kilishuka garini kimefungwa katoni pembe zote nne, na muhuri niliusoma kabla hajavua viatu.