Ng'ombe hajatoka kwenye barafu

Kuna kazi moja iliyonifanya niache kuamini kwamba nahau hutafsiriwa kwa nahau. Ilikuwa makala ya gazeti la Kijerumani kuhusu ndugu watatu waliorithi kiwanda kidogo cha jibini milimani na sasa hawaelewani: wauze au wasiuze. Maneno kama elfu mbili hivi, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya ng'ombe. Kichwa chake, neno kwa neno, kilisema: "Ng'ombe bado hajatoka kwenye barafu".

Mjerumani akisema amemtoa ng'ombe kwenye barafu, ana maana kwamba jambo lililokuwa pabaya limesalimika. Picha yenyewe ni nzito ukiitazama vizuri: mnyama wa kilo mia kadhaa, kwato zinateleza, chini yake kuna maji, na ukimvuta kwa pupa mnazama wote. Msomaji wa Kiswahili akikutana naye hivi hivi tu, atajiuliza ng'ombe alifuata nini kule.

Mtafsiri mwenye haraka angeandika "Maji bado yako shingoni" akaendelea na safari. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilipofika aya ya nane ndipo nikagundua kosa langu. Mwandishi alikuwa bado anatembea na ng'ombe wake. Ndugu wawili wa kwanza walipokubaliana jambo dogo, akaandika kwamba ukwato mmoja umegusa nchi kavu. Mwishoni akasema mwezi Machi umeingia, na barafu ya Machi ni nyembamba. Yaani haikuwa nahau moja kwenye kichwa, ilikuwa uti wa mgongo wa makala nzima. Maji yangu ya shingoni hayakuwa na mahali pa kuweka ukwato.

Siku hizi, kabla sijaandika hata sentensi moja, napita na kalamu nikizungushia duara kila mnyama na kila mvua, kisha najiuliza swali moja tu: je, mwandishi anarudi hapa tena? Asiporudi, nahau ile imekufa, ni neno kama maneno mengine, nami natafsiri maana yake bila majonzi. Akirudi, inabidi nitafute picha yenye viungo vilevile: kitu kizito, mahali pa hatari, ukingo salama, na muda unaoyoyoma.

Nilijaribu tope. Ng'ombe aliyenasa matopeni anaeleweka bila maelezo, na ukwato wake unaweza kugusa nchi kavu. Lakini tope siku zikienda hukauka, na hali ya ng'ombe huwa afadhali. Barafu siku zikienda huyeyuka, na hali huwa mbaya zaidi. Ningeitumia picha hiyo, mwisho wa makala ungekuwa habari njema, wakati mwandishi alikuwa anatisha. Kosa la namna hii haligunduliki kwa kukagua sentensi moja moja, kwa sababu kila sentensi peke yake iko sahihi.

Nikaishia mtoni. "Ng'ombe bado yuko katikati ya mto." Mto una ukingo, una hatari, na ule wa milimani hufurika theluji inapoanza kuyeyuka, kwa hiyo hata Machi yake nikaibakiza: "Machi imeingia, theluji imeanza kuyeyuka, na mto unajaa." Tena msomaji wetu tayari ana onyo la kutomtukana mamba kabla hajavuka, kwa hiyo mto ambao haujavukwa unamtia wasiwasi bila mimi kumtajia mamba yeyote. Na nisingemtaja kamwe. Mamba kwenye milima ile angekuwa kichekesho.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wengi. Tukiona nahau ya kigeni, mkono wetu unakimbilia methali. Methali zetu ni tamu, lakini methali ni sentensi kamili yenye hukumu ndani yake. Inafundisha. Inasikika kama mtu mzima amekohoa kabla ya kusema. Nahau ya gazeti la Kijerumani haifundishi mtu, inapita tu ndani ya sentensi ikibeba rangi kidogo. Ukiweka methali kila penye nahau, mwandishi mcheshi wa miaka thelathini anageuka kuwa babu anayeusia wajukuu. Iliyonikubali katika makala yote ni moja, alipotajwa diwani anayegeuza koti lake kufuata upepo. "Bendera fuata upepo" ikakaa vizuri, na sababu ni kwamba imeshaacha kuwa methali, imekuwa jina la mtu wa aina hiyo.

Wanyama wana mtego mwingine, nao ni tabia tulizowapa. Baba wa wale ndugu aliitwa "sungura mzee", ambaye kwa Wajerumani ni mtu aliyeiva katika kazi yake. Niliacha hivyo kwenye rasimu ya kwanza kwa kuwa ilipendeza. Mhariri akaniuliza, "Huyu mzee alimtapeli nani?" Alikuwa na haki. Sungura wetu amelelewa kwenye hadithi ambamo anawazidi fisi na simba ujanja, na ujanja ukiuweka karibu na urithi unanuka. Nikaandika "mkongwe wa jibini". (Usiniulize kuhusu mtu mwenye bahati, ambaye kwao "ana nguruwe". Hapo sikufikiria hata dakika moja.)

Hali ya hewa ilinisumbua zaidi ya wanyama, kwa sababu mvua inafanana na mvua na hapo ndipo inapodanganya. Dada yao alilalamika kwamba kaka yake "alimwacha amesimama kwenye mvua", yaani alimtelekeza wakati wa shida. Kwetu mvua ni neema, ingawa pia kuna mtu "aliyekula mvua saba", naye yuko gerezani kwa miaka saba. Maneno yale yalikuwa nukuu, na kwenye nukuu mimi huwa mwoga: sitaki mtu halisi aonekane kataja kitu ambacho asingekitaja. "Aliniacha kwenye mataa" ingempeleka mama wa milimani kwenye makutano ya barabara. Nikachagua "aliniacha solemba". Ni ya mtaani kidogo, lakini haina picha yoyote ndani yake, na hasira yake iko palepale.

Na kuna pale ambapo neno kwa neno ndiyo dawa. Kaka mkubwa alisema kuuza kiwanda ni kukimbia mvua na kuishia chini ya mchirizi wa paa. Kiswahili kina mwenzake kamili, yule aliyeruka mkojo, lakini alichokikanyaga hakichapiki kwenye gazeti la familia. Basi nikauacha mchirizi kama ulivyo. Nilimsomea kwa sauti jirani asiyejua Kijerumani, nikamwuliza anaona nini. "Mtu aliyelowa zaidi ya mwanzo," akasema. Hiyo ndiyo maana yenyewe.

Iliyobaki ilikuwa picha. Msanifu kurasa alinipigia akiwa na wasiwasi: kichwa kinasema mto, na kwenye picha hakuna hata tone la maji. Nikamwambia hakukuwa na barafu pia. Ng'ombe alikuwa amesimama kwenye nyasi, ukungu nyuma yake, anatafuna. Maelezo ya chini ya picha, kwa Kijerumani, yalisema: "Huyu angalau yuko nchi kavu." Hayo niliyatafsiri kama yalivyo.