Kiingilio cha Mtu Nusu

Jamani, mimi ni mpiga gitaa. Lakini kwa wiki nzima gitaa nalishika saa mbili, muda uliobaki nashika simu namtafuta meneja wa ukumbi. Na meneja wa ukumbi, kama humjui, ni yule anayesema "nicheki Jumatatu" bila kutaja ya mwaka gani.

Mara ya kwanza nilimfuata Ijumaa jioni. Kosa langu, nakubali. Barafu imeisha, mtu wa getini hajafika, spika moja inakoroma, halafu natokea mimi na tabasamu: "Bosi, naomba dakika mbili." Alinitazama kama nimemwomba figo. Nikarudi Jumanne saa nane mchana, viti vimepinduliwa juu ya meza, yeye anahesabu kreti. Siku hiyo alikuwa binadamu kabisa, hata kiti alinipa.

"Haya, nisikie."

Nikamwekea wimbo wetu bora. Unaanza na gitaa peke yake, sekunde 48, nimezihangaikia miezi miwili. Ilipofika sekunde ya 10 akaweka kidole akausogeza hadi katikati. Miezi miwili yote ikapita chini ya kidole gumba! Kisha akasema, "Hii ya studio. Ya jukwaani huna?" Maana studio mtu akikosea anarudia mara arobaini, na meneja anajua hilo kuliko wewe.

Nilikuwa na kipande alichorekodi shemeji yangu kwa simu. Kinatikisika, mpiga ngoma haonekani, kuna kichwa cha mtu kimekaa katikati ya picha. Lakini watu wa mbele wanaruka. Hicho akakitazama mpaka mwisho. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anawatazama wale wanaoruka.

Ndipo akauliza swali lenyewe: "Mnaleta watu wangapi?"

Nikasema mia. Kwa nini nilisema mia? Sijui, mdomo ulitangulia. Akasema basi tusimame kwa mgawo wa mlangoni: ukitoa gharama, bendi asilimia 70, ukumbi asilimia 30. Ndugu yenu nikasikia sabini, masikio yakafunga duka. Yale maneno mawili ya mwanzo, "ukitoa gharama", yalinipita kama upepo.

Usiku wa shoo ukumbi ulikuwa na watu 90. Nikawaambia wenzangu, leo tumetoka! Tukapiga kwa saa tatu. Saa nane usiku nikaitwa ofisini kwenye hesabu.

Waliolipa, 60. Wale 30 walikuwa kwenye orodha ya wageni: 18 wa kwake, 12 wa kwetu, na kati ya hao 12, tisa ni binamu wa mpiga besi. Gharama: fundi mitambo, walinzi, mtu wa getini, mabango. Zote pamoja zikala viingilio 40. Vikabaki 20. Asilimia 70 ya 20 ni 14. Bendi tuko wanne.

Gawanya mwenyewe. Kila mtu kapata viingilio vitatu na nusu. Nimesimama saa tatu, kidole kimechanika, nimelipwa na watu watatu na mwingine aliyeingia kiuno kwenda chini.

Na vinywaji? Vinywaji ni vya ukumbi, havikuwamo kwenye mgawo. Binamu tisa hawakulipa kuingia, ila kaunta waliitendea haki mpaka asubuhi. Kumbe ndiyo maana ya kuuliza mnaleta watu wangapi.

Mpiga ngoma hakusema kitu. Alichukua chake, akakihesabu mara mbili, akaanza kufungua ngoma zake kimya kimya. Kile kimya kiliniuma kuliko kidole.

Sasa nimejanjaruka, au nadhani. Ujumbe wangu kwa meneja mwingine ulikuwa mistari mitano: sisi ni nani, wangapi, kile kipande cha shemeji, tarehe mbili tulizo huru, na tunachotaka. Tunataka kiasi kisichoguswa hata wakija watu saba, nusu tarehe inapothibitishwa, nusu kabla hatujapanda jukwaani. Kama anang'ang'ania mgawo, basi gharama ziandikwe kabla ya siku yenyewe, na orodha ya wageni iwe na mwisho. (Binamu wa besi nimewawekea mwisho wao peke yao.) Sekunde 48 nimezikata zikawa nane. Nililia kidogo.

Nikatuma Jumanne, saa nane mchana. Dakika kumi tu simu ikatetema. Moyo ukaenda mbio, nikafungua.

"Safi sana. Mnaleta watu wangapi?"