Saa nne za prepo, na kichwa kinachobeba vitu vinne

Juzi kundi letu la wazazi lilipokea tangazo la shule, lenye mhuri na kila kitu. Kidato cha tatu, wa bweni na wa kutwa, watakaa prepo kuanzia saa moja hadi saa tano usiku bila kutoka, "ili wazoee ugumu". Wazazi wa kutwa tuje kuwachukua getini. Zikafuata amina, viganja vya dua na "hongereni walimu wetu". Mimi nikauliza jambo moja tu: hizo saa nne zimegawanywaje, wanafanya nini saa ya kwanza na nini saa ya pili? Hadi naandika hapa sijajibiwa. Nadhani nimeonekana mkorofi, na sisi watu wa Ngamiani, Tanga, sifa hiyo tunayo tangu zamani.

Kukaa kwenyewe hakunisumbui. Kinachonikera ni imani kwamba mtoto akikodolea daftari muda mrefu, yaliyomo yatahamia kichwani yenyewe. Kwa hiyo leo namwandikia mpwa wangu wa kidato cha tatu na wenzake. Wazazi mnaruhusiwa kuchungulia.

Mpwa wangu alinijia na daftari la Kemia, uso umemshuka. "Mjomba, hii sura ya moli nimeirudia mara tatu. Nikiisoma naielewa kabisa. Nikifunga daftari, hamna kitu."

Nikamwambia aweke daftari kando, anisikilize, kisha arudie nitakachosema. Nikamtajia tarakimu moja moja, polepole: 1, 9, 6, 1, 1, 9, 6, 4, 1, 9, 6, 7, 1, 9, 7, 7. Zile za mwanzo alizitoa vizuri, halafu akaanza kubahatisha, halafu akacheka. Nikaziandika kwenye karatasi kwa mtindo mwingine: 1961, 1964, 1967, 1977. Uhuru wa Tanganyika, Muungano, Azimio la Arusha, kuzaliwa kwa CCM. Akazisema zote bila kutazama, kisha akanisomea kinyumenyume kwa madoido.

Tarakimu ni zile zile 16. Kilichopungua ni idadi ya vitu ambavyo kichwa kilitakiwa kuvishika kwa pamoja: vilikuwa 16, vikawa 4. Na angalia hapa, maana ndipo wengi wanapopita haraka. Vilipungua kwa sababu miaka hiyo alikuwa nayo tayari tangu somo la Historia. Mtoto wa nchi nyingine ningempa mafungu hayo hayo manne na bado angehangaika, kwa kuwa kwake 1967 ni namba tu.

Sehemu ya akili inayoshika vitu wakati unavifanyia kazi ndiyo kumbukumbu ya kazi. Ni tofauti na kumbukumbu ya kudumu, ambako jina la bibi yako na njia ya kwenda sokoni vimekaa miaka yote bila kukuuliza ruhusa. Ile ya kudumu hakuna aliyewahi kuijaza. Ya kazi ni kaunta ya duka dogo: kila kinachoingia au kutoka lazima kipite hapo, na nafasi ni ya vitu vichache. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba ni kama vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokusanyika na kuonyesha kwamba mtu akizuiwa kujirudiarudia moyoni na kuunganisha vitu, hubaki na karibu vinne tu. Hao ni watu wazima, wametulia, hawana njaa na wala hawajakaa prepo hadi saa tano usiku.

Nafasi ni ndogo kwa sababu kitu hubaki pale kwa kurudiwa na usikivu wako, na usikivu wenyewe huwezi kuugawa kila mahali kwa wakati mmoja. Ukiupeleka kwingine, kile ulichokiacha huanza kupotea. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson walijaribu hili kwa herufi tatu tu. Mtu anatajiwa herufi zisizounda neno, kisha papo hapo anahesabu kwa sauti kurudi nyuma kwa tatutatu, ili asipate mwanya wa kuzirudia moyoni. Baada ya sekunde 18 herufi zilikuwa karibu zote zimeshayeyuka. Herufi tatu! Pia vitu vinavyofanana hugongana. Ukishika namba tano za aina moja, mojawapo itajifanya ni nyingine bila wewe kujua.

Sasa turudi kwenye daftari la mpwa wangu, kwenye swali lililomtoa machozi. Gramu 10 za kalisi kabonati zimewekwa kwenye asidi hidrokloriki ya kutosha. Tafuta ujazo wa gesi ya kaboni dioksaidi itakayotoka, katika halijoto na kanieneo sanifu. (Kalisi kabonati ndiyo sehemu kubwa ya mawe ya chokaa, kama yale ya mapango ya Amboni, kwa hiyo swali lenyewe ni la kwetu.) Mlinganyo ni huu:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Mwalimu analiona swali hili kama kitu kimoja. Anayeanza analiona hivi: gramu 10, kalisi 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu, ile 2 mbele ya HCl, inahusika au haihusiki, dm³ 22.4, ni ya nini vile. Na swali lenyewe liliuliza nini. Hivyo ni saba, na hesabu haijaanza. Akiwa anajumlisha 40 na 12 na 48 ndipo vingine vinadondoka. Anapata 100, halafu anaitazama: hii 100 nilikuwa naitafutia nini?

Dalili zake ni maalumu, na mwalimu makini huzitambua kwenye daftari. Mtoto anagawanya 100 kwa 10 badala ya 10 kwa 100. Au anazidisha moli za gesi kwa 2 kwa sababu aliiona 2 mahali fulani. Namba ni sahihi, imekaa mahali pasipo pake. Hiyo inaitwa uvivu pale shuleni, na dawa yake eti ni kuongeza saa. Mimi naona kichwa kilichopewa vitu saba wakati kinabeba vinne.

Tulichofanya ni kukata swali pale hatua zinapoishia. Fungu la kwanza lilikuwa uzito wa moli moja, basi. Hakuna gesi, hakuna asidi. Alifanya CaCO3 akapata 100, CO2 44, NaOH 40, H2O 18, akarudia bila kutazama mpaka hatua ile ikawa inakwenda yenyewe. Fungu la pili likawa kutoka gramu kwenda moli: 10 gawanya kwa 100 ni 0.1. Tukabadilisha gramu na kitu, gramu 22 za CO2, akanipa 0.5 bila kusita. Fungu la tatu ndilo lililomponza, na tulilikalia kuliko mengine. Nilimfundisha ajiulize kwanza anapatanisha nini na nini. Hapa ni CaCO3 na CO2, na kila moja ina 1 mbele yake, hata kama haijaandikwa, kwa hiyo moli 0.1 hutoa moli 0.1. Ile 2 ni ya asidi, na asidi imetajwa kuwa ya kutosha, haituhusu. Angeulizwa moli za asidi zilizotumika, hapo ingekuwa 0.2. La nne ni jepesi: moli moja ya gesi katika hali hiyo sanifu hujaza dm³ 22.4, kwa hiyo 0.1 mara 22.4 ni dm³ 2.24.

Kisha akarudi kwenye swali zima. Safari hii lilikuwa na vitu vinne, na kila jibu la hatua aliliandika pembeni na kipimo chake, "moli 0.1 za CaCO3", sio 0.1 kavu. Karatasi ikashika anachoshindwa kushika yeye. Wanaojisifu kwamba wanapiga hesabu kichwani waacheni wajisifu.

Utajuaje fungu limeiva? Funga daftari, badilisha namba, fanya, na useme kwa nini umefanya hivyo. Ukichungulia kwenye mstari wa pili, bado. Kusoma tena na kuhisi "hii naijua" hakuhesabiki, maana kinachokudanganya hapo ni kuzoea sura ya ukurasa. Ndiyo ile "nikisoma naielewa" ya mpwa wangu.

Na dakika ngapi? Mtandaoni wameng'ang'ania 25 kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Asili yake ni mwanafunzi mmoja wa Italia aliyejipimia kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mpaka wako ni hatua, kwa hiyo fungu moja laweza kuchukua dakika kumi na jingine arobaini. Ukishasoma sentensi ileile mara tatu bila kushika mwanzo wake, simama, nyoosha miguu, kanywe maji. Usifungue simu, itakuletea mambo mapya ya kushika.

Kesho yake rudia fungu la jana kabla ya kufungua la leo. Hili lina sababu yake, si ile ya vitu vinne. Kumbukumbu ya kudumu huimarika unapolazimika kulitafuta jambo lililoanza kufifia, na Hermann Ebbinghaus alishaona faida ya kutawanya marudio tangu 1885. Saa nne kwa mkupuo na saa moja kwa siku nne ni muda uleule kwenye saa ya ukutani, sio kichwani.

Kuna mzigo mwingine ambao tangazo halikuugusa. Swali hilo la chokaa mtoto hulisoma kwa Kiingereza. Neno moja geni katikati ya sentensi linakula nafasi kabla kemia haijafika. Elewa kwanza kwa lugha uliyonyonya nayo, ndipo ujifunze sentensi ya mtihani kama fungu la peke yake. Anayesema huko ni kudekeza watoto aje afanye hesabu za moli kwa Kichina, tumtazame.

Haya, niwape walimu haki yao, ingawa roho inaniuma. Prepo ina utulivu ambao nyumbani haupo, hasa kwa binti: akifungua daftari tu, anatumwa dukani. Na karatasi ya mtihani wa kidato cha nne ni ya saa 3, kwa hiyo lazima afike mahali akae saa 3. Lakini kikao hicho ni cha kupanga mafungu yaliyokwisha kuiva, kujua lipi lianze na lipi lisubiri. Mpwa wangu nitampa pepa nzima ya miaka iliyopita na saa mezani siku atakapofanya swali la chokaa, na lile la asidi lenye 0.2, bila kuniuliza ile 2 ni ya nani.